Barua ya makabidhiano ya hifadhidata: jinsi ya kuiandika kabla hujaondoka kazini

Msimamizi wa hifadhidata akishatoa notisi, wiki za mwisho huenda haraka. Anaombwa aandike makabidhiano, naye anaandika ukurasa mmoja wenye anwani za seva, majina ya hifadhidata na sentensi isemayo kwamba nakala rudufu huchukuliwa kila usiku. Mpokeaji anaisoma, anatia sahihi, na kila mtu anaridhika. Miezi minne baadaye diski inaharibika, ndipo inagundulika kwamba sentensi ile haikueleza nakala zinakaa wapi, zinafunguliwa kwa ufunguo gani, zinachukua saa ngapi kurejeshwa, na nani alikuwa anaarifiwa zisipochukuliwa.

Kipimo ninachotumia ni kimoja. Mpokeaji akiwa na barua yako na seva tupu, bila kukupigia simu, aweze kuirudisha hifadhidata mpaka watu wafanye kazi. Yote yanayofuata hapa yanatokana na kipimo hicho.

Tuchukue mfano wa kutunga ili tuwe na kitu cha kushika: saccos ya wafanyakazi yenye seva moja kuu ya PostgreSQL juu ya Linux, seva ya pili inayofuatisha ile ya kwanza muda wote (tuiite replika), na nafasi ya kuhifadhia nakala iliyokodiwa nje ya ofisi. Hifadhidata inaitwa `ushirika` na ina ukubwa wa gigabaiti 60. Wanachama wanaweka akiba, wanakopa, na mwisho wa mwezi mfumo unakokotoa riba. Ukitumia mfumo mwingine amri zitabadilika, lakini maswali ni yale yale.

Hatua ya kwanza: andika kutoka kwenye seva, usiandike kutoka kichwani

Kila msimamizi anaamini anajua kinachofanyika kwenye seva zake. Kwa kweli anajua alichokusudia kifanyike. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote kuhusu ratiba, iulize seva yenyewe. Kwenye Debian au Ubuntu amri ni hizi:

```
sudo ls /var/spool/cron/crontabs
sudo crontab -l -u postgres
ls /etc/cron.d
systemctl list-timers --all
```

Ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu inaonyesha majina ya watumiaji wote wenye kazi za ratiba. Ukikuta jina lako mwenyewe pale, simama. Maana yake kuna kazi inayoendeshwa kwa akaunti yako binafsi, na akaunti hiyo itafungwa siku utakayoondoka. Ikifutwa au ikiwekewa mwisho wa muda, kazi itakoma pamoja nayo, na kwa kuwa hakuna kilichoharibika waziwazi, hakuna atakayeshtuka.

Hamishia kazi hizo kwenye akaunti ya huduma, kama `postgres`, wakati bado una angalau wiki mbili mkononi. Skripti iliyokuwa ikifanya kazi chini ya jina lako inaweza kukwama chini ya jina jingine kwa sababu ya ruhusa za folda, au kwa kuwa faili la nywila la `.pgpass` lilikuwa kwenye folda yako ya nyumbani. Ni afadhali ikwame ukiwa bado ofisini.

Fanya hivyo hivyo kwa vitu vitatu vingine vinavyojificha nyuma ya jina la mtu. Barua pepe za tahadhari zinaenda kwa nani? Nafasi ya kuhifadhia nakala imefunguliwa kwa anwani ya nani, na inalipiwa kwa kadi ya nani? Na ufunguo wa kufungulia nakala uko kwenye kompyuta ya nani? Kila jibu ambalo ni jina lako ni kazi ya kufanya kabla ya barua kuandikwa.

Hatua ya pili: ratiba, kwa saa ambazo hakuna atakayezikosea

Kwenye seva yetu ya mfano, mistari miwili ya ratiba inasomeka hivi:

```
0 23 * * *   /opt/bakapu/usiku.sh
30 23 * * 6  /opt/bakapu/msingi.sh
```

Mtu akisoma haraka atasema nakala inachukuliwa saa tano usiku kila siku, na ile kubwa Jumamosi saa tano na nusu usiku. Lakini seva nyingi huwekwa kwenye saa za UTC, na sisi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo saa 23:00 ya seva ni saa nane usiku kwetu, na mstari wa pili wenye siku namba 6, yaani Jumamosi ya seva, unafanya kazi usiku wa kuamkia Jumapili. Ongeza kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na magharibi wakati seva inahesabu kuanzia usiku wa manane, na utaona jinsi ambavyo watu wawili wanaweza kusema “saa mbili usiku” wakiwa wametofautiana kwa saa sita nzima.

Jambo hili lina mkia. Skripti ikiipa nakala jina kwa tarehe ya seva, nakala iliyochukuliwa alfajiri ya Jumanne itabeba tarehe ya Jumatatu. Sasa fikiria riba ya mwezi imekokotolewa kimakosa Jumatatu jioni, na mpokeaji anataka nakala ya kabla ya hapo. Anaona faili lenye tarehe ya Jumatatu, anaona ndilo hilo, na anarejesha hali ambayo tayari ina kosa ndani yake. Aliyoihitaji ina tarehe ya Jumapili. Kwa hiyo kwenye barua, kila saa iandikwe kwa namna tatu, na kanuni ya majina ya mafaili iandikwe kwa mfano halisi. Kifungu cha barua kinaweza kusomeka hivi:

> Nakala ya kila usiku huchukuliwa saa nane kamili usiku kwa saa zetu, yaani 02:00 Afrika Mashariki, ambayo kwenye seva ni 23:00 UTC ya tarehe iliyotangulia. Faili hupewa tarehe ya seva. Mfano: nakala ya usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 14 inaitwa `ushirika-13.dump`. Kwa kawaida humalizika kabla ya saa tisa usiku. Huwekwa kwenye `/bakapu/usiku`, kisha hunakiliwa nje ya ofisi. Ndani hubaki siku 7, nje hubaki siku 28.

Angalia kwamba kifungu kinataja pia muda wa kumaliza. Mpokeaji asipojua kazi humalizika saa ngapi kwa kawaida, hataweza kutambua siku inapochukua mara mbili ya muda huo, na kurefuka kwa muda ndiyo dalili ya mapema kuliko zote kwamba diski au mtandao una tatizo.

Baada ya saa, eleza kila nakala inaokoa nini na haiokoi nini. Hapa ndipo barua nyingi hukaa kimya. Nakala ya kila usiku tunayoichukua kwa `pg_dump` ina majedwali na data ya hifadhidata moja, kama ilivyokuwa dakika kazi ilipoanza. Haina watumiaji wa hifadhidata wala nywila zao, kwa sababu hao ni mali ya seva nzima. Ukiirejesha kwenye seva tupu utapata msururu wa makosa yanayosema mtumiaji fulani hayupo. Ndiyo maana skripti ya usiku lazima iwe na mstari wa pili:

```
pg_dump -Fc -f /bakapu/usiku/$JINA ushirika
pg_dumpall --globals-only > /bakapu/usiku/watumiaji.sql
```

Nakala ya kila wiki, ile ya `pg_basebackup`, ni kitu kingine kabisa. Ni picha ya mafaili yote ya seva, na ikiunganishwa na mafaili ya WAL, yaani daftari la kila badiliko linalotokea, inakuwezesha kurudi dakika unayoitaka. Tukisema `archive_timeout` imewekwa sekunde 300, basi daftari hupelekwa nje angalau kila dakika tano palipo na mabadiliko. Iandike kwa lugha ambayo meneja wa saccos ataielewa: tukitumia njia ya kila usiku tunaweza kupoteza miamala ya siku nzima, tukitumia njia ya WAL tunaweza kupoteza takribani dakika tano. Huyo meneja ndiye atakayeamua siku ya tatizo njia ipi ifuatwe, na anahitaji kuijua tofauti hiyo kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya tatu: thibitisha kwamba nakala inarudi, na mpokeaji ndiye arejeshe

Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab ilipoteza hifadhidata yake kuu baada ya mhandisi kufuta folda ya data kwenye seva isiyo sahihi. Walipokimbilia nakala za `pg_dump`, hazikuwepo. Kazi ilikuwa ikiendeshwa na programu ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa toleo la 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa kila siku. Barua pepe za tahadhari zilikuwa zikitumwa, lakini zilikataliwa na mfumo wa kupokea barua, na hakuna aliyeziona. Waliokolewa na nakala ya diski ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya tukio, kwa sababu nyingine kabisa. Kampuni yenyewe ilichapisha maelezo haya, na kila mpokeaji wa hifadhidata anastahili kuyajua.

Kushindwa kimya kimya kuna sura moja ninayopenda kuionyesha kwa karibu. Skripti nyingi za zamani zimeandikwa hivi:

```
pg_dump ushirika | gzip > ushirika.sql.gz
```

Nywila ikibadilishwa, `pg_dump` inakataliwa kuingia na haitoi kitu. Lakini `gzip` inapokea utupu huo, inaufunga vizuri, na kutangaza kwamba imefaulu. Kwa kuwa seva inatazama matokeo ya programu ya mwisho kwenye mstari, kazi nzima inahesabiwa imefaulu. Faili lipo, lina tarehe ya leo, na lina baiti 20. Anayehesabu mafaili ataona yote yametimia. Anayetazama ukubwa ataona mara moja. Kwa hiyo barua itaje ukubwa wa kawaida wa nakala (kwenye mfano wetu, gigabaiti 12 baada ya kubanwa), na skripti ianze na `set -euo pipefail` kwenye bash ili kushindwa kwa yeyote mstarini kuwe kushindwa kwa kazi.

Hata hivyo ukubwa nao si ushahidi wa kutosha. Amri ya `pg_restore --list` inasoma orodha ya yaliyomo tu, na faili lililokatika katikati linaweza kutoa orodha safi kabisa. Ushahidi ni kurejesha. Tenga siku moja kwa hilo, tafuta kompyuta isiyo seva yenyewe, mpe mpokeaji barua yako, na ukae pembeni bila kugusa kibodi. Atashusha nakala kutoka kwenye hifadhi ya nje, si ile iliyo ofisini, kisha:

```
psql -d postgres -f watumiaji.sql
createdb jaribio
pg_restore --dbname=jaribio --jobs=4 --exit-on-error ushirika-13.dump
```

Ikimalizika, alinganishe na seva kuu kitu ambacho mhasibu anakijua: idadi ya wanachama, jumla ya akiba, na tarehe ya muamala wa mwisho. Tarehe hiyo inapaswa kukaribia muda nakala ilipoanza kuchukuliwa. Ikionyesha wiki tatu nyuma, umejua kwamba kinachopelekwa nje si kile kinachochukuliwa ndani.

Pima muda kuanzia alipoanza kushusha faili. Watu husahau sehemu hii. Gigabaiti 12 kwenye mtandao wa megabiti 20 kwa sekunde ni saa moja na dakika ishirini hivi kabla hata kurejesha hakujaanza, na hiyo ni kama hakuna mwingine anayetumia mtandao. Ikiwa kurejesha kwenyewe kumechukua saa moja na nusu, basi barua iseme kurudi hewani kunachukua karibu saa tatu. Usiandike “muda mfupi”. Dawati la wateja litahitaji namba ya kuwaambia wanachama.

Nakala ikiwa imesimbwa, jaribio hili ndilo litakalofichua tatizo ambalo halionekani kwa njia nyingine. Seva inahitaji ufunguo wa hadharani tu ili kusimba. Ufunguo wa siri, ule wa kufungulia, hauhitajiki kila usiku, hivyo unaweza kupotea mwaka mzima na nakala zikaendelea kutengenezwa vizuri bila mtu wa kuzifungua. Au uko kwenye seva ile ile, na siku seva inapotea nao umepotea. Mpokeaji akifungua nakala kwa ufunguo alioutoa kwenye kasiki ya ofisi, kwenye kompyuta ambayo wewe hujawahi kuigusa, hapo ndipo unaandika kwenye barua kwamba imejaribiwa, na tarehe, na jina la aliyejaribu.

Katika jaribio hili, kila mara mpokeaji anapokugeukia kuuliza kitu, andika swali lake. Kila swali ni sentensi inayokosekana kwenye barua.

Hatua ya nne: hatari zinazojulikana

Hatari iandikwe kwa mpangilio wa mtu aliyeamshwa usiku: ataona nini, sababu yake ni nini, afanye nini, na asifanye nini hata akishawishika. Usiandike hatari ishirini. Chache ambazo kweli zinaweza kuangusha mfumo wenu zitasomwa, orodha ndefu haitasomwa.

Kwenye seva yetu, hatari ya kwanza ni diski ya seva kuu kujaa kwa sababu ya replika. Ili replika isiachwe nyuma, seva kuu hutunza mafaili ya WAL mpaka replika ithibitishe imeyapokea. Ahadi hiyo inashikwa na kitu kinachoitwa sloti ya urudufishaji. Replika ikizimwa, tuseme umeme umekatika kwenye jengo la pili, ahadi inabaki. Seva kuu inaendelea kulimbikiza mafaili mpaka diski ijae, kisha hifadhidata inasimama. Replika iliyowekwa kwa ajili ya usalama inakuwa imeangusha seva kuu. Dalili inaonekana siku kadhaa kabla, kwa swali hili:

```
SELECT slot_name, active,
  pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(
    pg_current_wal_lsn(), restart_lsn)) AS limbikizo
FROM pg_replication_slots;
```

Sloti ambayo `active` yake ni `f` na limbikizo lake linakua kila saa ndiyo hatari yenyewe. Barua iseme kiwango cha kuchukua hatua, kwa mfano gigabaiti 20 kwenye diski ambayo ina 100 za wazi. Iseme pia hatua yenyewe: kwanza jaribu kuiwasha replika, na ikishindikana, ondoa sloti kwa `pg_drop_replication_slot`, ukijua kwamba replika huenda ikalazimika kujengwa upya. Tangu toleo la 13 kuna mpangilio wa `max_slot_wal_keep_size` unaoweka kikomo, lakini usipowekwa hakuna kikomo chochote. Andika kama kwenu umewekwa, na ni kiasi gani.

Na jambo la kutofanya: usifute mafaili ndani ya `pg_wal` kwa mkono. Mtu aliyeona diski imejaa saa tisa usiku atayaona mafaili mengi yenye majina marefu yanayofanana, na mkono utamwasha. Akiyafuta, hifadhidata inaweza isiwake tena kabisa. Sentensi hii iwe kwa herufi nzito.

Dalili hiyo hiyo ya `pg_wal` kuvimba inaweza kuwa na chanzo kingine, yaani kupeleka WAL nje kumeshindwa, labda kwa kuwa nafasi ya nje imejaa au haijalipiwa. Jedwali la `pg_stat_archiver` litasema: `failed_count` inapanda na `last_failed_time` ni ya sasa hivi. Hapo dawa ni kurekebisha upelekaji, si kugusa sloti.

Hatari ya pili ni toleo. Kila toleo kuu la PostgreSQL hupata marekebisho kwa miaka mitano tu. Toleo la 13, ambalo bado liko kwenye seva nyingi, lilifikia mwisho wake Novemba 2025. Kama seva yenu iko hapo, andika wazi kwamba hakuna marekebisho ya usalama yanayokuja, na utaje kilichozuia kuhamia toleo jipya. Kwa kawaida ni programu fulani ambayo mtengenezaji wake hajathibitisha. Mpokeaji akilijua jina la programu hiyo, ameokoa wiki nzima ya kutafuta.

Hatua ya tano: kazi zilizobaki

Zitenganishe kwa kiasi cha hatari, si kwa tarehe ulizozianza. Kazi uliyotamani kuifanya, kama kupanga upya majina ya majedwali, inaweza kusubiri milele. Kazi yenye tarehe haiwezi kusubiri. Na kazi iliyoachwa katikati ni mbaya kuliko zote, kwa sababu seva iko kwenye hali ambayo haielezwi popote.

Mfano wa iliyoachwa katikati: ulijaribu kutengeneza faharasa mpya kwa `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, ikakatika. PostgreSQL inaiacha faharasa hiyo pale pale ikiwa batili. Haisaidii utafutaji wowote, lakini bado inaweza kuongeza mzigo kwa kila muamala unaoandikwa. Usitegemee kukumbuka, uliza:

```
SELECT indexrelid::regclass FROM pg_index WHERE NOT indisvalid;
```

Mfano wa yenye tarehe ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Jedwali la `miamala` limegawanywa kwa miezi, kila mwezi kipande chake, na vipande vimetengenezwa mpaka Desemba. Hakuna kinachoonekana kuwa na kasoro. Ikifika tarehe 1 Januari, muamala wa kwanza utakataliwa:

```
ERROR:  no partition of relation "miamala" found for row
```

Na ni siku ya mapumziko. Kazi hii kwenye barua haitoshi kuandikwa “kuongeza vipande vya mwaka ujao”. Iandike hivi:

> Kabla ya tarehe 15 Desemba: tengeneza vipande 12 vya jedwali la `miamala` kwa mwaka unaofuata. Skripti iko `/opt/bakapu/vipande.sql`. Badilisha mwaka mstari wa 3. Thibitisha kwa `\d+ miamala`, utaona kipande cha Januari. Isipofanyika, wanachama hawataweza kuweka wala kutoa fedha kuanzia usiku wa mwaka mpya. Mhusika: msimamizi wa hifadhidata. Anayejua pia: meneja wa TEHAMA.

Kila kazi iwe na vitu hivyo: mwisho wake, mahali pa kuanzia, namna ya kujua imekamilika, na kitakachotokea ikiachwa. Vyeti vya usalama vinavyoisha muda na malipo ya hifadhi ya nje viandikwe kwa namna hiyo hiyo.

Hatua ya sita: barua yenyewe

Sasa umbo. Iandike kama barua rasmi ya ofisi, kwa meneja wa TEHAMA, nakala kwa mpokeaji na mkaguzi wa ndani. Mwanzo wake hauhitaji mapambo:

> Ndugu Meneja,
>
> YAH: MAKABIDHIANO YA USIMAMIZI WA HIFADHIDATA YA USHIRIKA
>
> Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Ninaondoka kazini mwisho wa mwezi huu. Barua hii inaeleza ratiba za nakala rudufu, hatari zinazojulikana na kazi zilizobaki. Ukurasa wa kwanza ni hatua za kurejesha hifadhidata; umebandikwa pia ndani ya mlango wa kabati la seva.

Hatua za kurejesha zikae mbele ya kila kitu, hata mbele ya ratiba, kwa sababu atakayeifungua barua hii kwa haraka atakuwa anazitafuta hizo. Chapisha nakala ya karatasi. Barua iliyo kwenye seva iliyokufa haisomeki.

Nywila wala funguo zisiwemo. Barua itapita mezani kwa watu wengi na itakaa kwenye faili la masjala. Taja mahali zilipo tu: bahasha iliyofungwa kwenye kasiki, au programu ya kutunzia nywila, na cheo cha mtu mwenye ruhusa ya kufungua. Na nakala zozote za hifadhidata ulizonazo kwenye kompyuta yako au flashi, ulizozichukua kwa ajili ya majaribio, zifute mbele ya mpokeaji na mliandike hilo. Ni taarifa za wanachama, zenye majina, namba za simu na madeni yao, na kwa Tanzania zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hazina sababu ya kuondoka nawe.

Sahihi ziwe mbili, yako na ya mpokeaji, na chini ya sahihi ya mpokeaji iwepo sentensi moja: “Nimerejesha nakala ya tarehe fulani mwenyewe, kwa kufuata barua hii, kwa muda wa saa kadhaa.” Kama hawezi kuijaza sentensi hiyo, makabidhiano bado.

Hatua ya saba: kufungiwa mlango

Siku ya mwisho unastahili kuondolewa kila ruhusa, na ni vizuri wewe mwenyewe uwe umeandika jinsi ya kuifanya, kwa sababu mpangilio wake una mtego. Mtumiaji wako wa hifadhidata huenda anamiliki majedwali. Mpokeaji asianze kwa kumfuta. Aanze kwa kumzuia kuingia, na kuuondoa ufunguo wako wa SSH kwenye seva zote mbili:

```
ALTER ROLE aliyeondoka NOLOGIN;
```

Amri hii inazuia miunganisho mipya tu. Iliyokwisha kufunguliwa inaendelea, hivyo programu zinazotumia hifadhidata ziwashwe upya siku hiyo hiyo. Kama kuna ripoti au programu iliyokuwa ikiingia kwa jina lako, itakataliwa na kuonekana kwenye logi, na kumrudisha kwa `LOGIN` ni mstari mmoja. Ikae hivyo mpaka ufungaji wa mwezi mmoja mzima upite, maana ripoti nyingine huendeshwa mara moja tu kwa mwezi. Baada ya hapo, kwenye kila hifadhidata ya seva hiyo:

```
REASSIGN OWNED BY aliyeondoka TO dba;
DROP OWNED BY aliyeondoka;
```

Mpangilio huo usigeuzwe. Ya kwanza inahamisha umiliki wa majedwali kwenda kwa `dba`, na ya pili inaondoa ruhusa zilizobaki. Ikitangulia ya pili, majedwali yenyewe yanafutwa. Zikimalizika kwenye hifadhidata zote, `DROP ROLE aliyeondoka;` itapita bila kulalamika, na asubuhi inayofuata mpokeaji atazame ukubwa wa nakala ya usiku huo.